Ngozi Iliyochubuka na Kulowa Chini ya Matiti na Kwenye Mkunjo wa Tumbo: Namna ya Kuikausha na Kuitibu kwa Dawa ya Fangasi

Kila joto linapopanda, maswali yale yale hurudi kutoka kwa wanawake wenye matiti makubwa, kutoka kwa watu wenye tumbo linalokunjika, na kutoka kwa wale wanaowauguza wagonjwa wasioweza kujigeuza kitandani. Wanauliza kwa nini ngozi iliyofichwa ndani ya mkunjo imekuwa nyekundu, imelowa na inachoma. Kwa nini krimu waliyonunua ilisaidia kwa siku chache kisha hali ikarudi. Na wengine, kwa sauti ya chini, wanauliza kama jambo hili limetokana na uchafu. Swali hilo la mwisho lijibiwe kwanza: halitokani na uchafu, na wengi wanaolifikiria hivyo huishia kujisugua kwa sabuni kali mara nyingi kwa siku, jambo linaloichubua ngozi zaidi.

Kinachotokea ni hiki. Ngozi mbili zinapogusana na kusuguana, jasho lililo kati yake halina njia ya kukauka, hivyo tabaka la juu la ngozi hulainika, huwa jeupe na kuvimba, kisha humenyuka. Kuvu aina ya kandida, ambaye huishi kwenye miili ya watu wengi bila kuleta madhara, hupata hapo mahali penye joto, unyevu na mlango uliofunguka. Kwa sababu hiyo dawa ya fangasi ikipakwa juu ya ngozi iliyolowa inafanya nusu ya kazi tu. Unyevu uliomkaribisha kuvu bado upo, na dawa ikiisha atarudi. Mwongozo huu umepangwa kwa mfuatano huo: kukausha kwanza, dawa baada yake, na ukaushaji kuendelea hata baada ya dawa kumalizika.

Kabla ya kuanza: je, ni tatizo hili?

Simama mbele ya kioo penye mwanga, inua titi au mkunjo wa tumbo, na uangalie ngozi za pande zote mbili, ya juu na ya chini. Ukiwa huwezi kuona chini ya tumbo lako, tumia kioo kidogo cha mkononi au mwombe mtu unayemwamini akuangalizie. Mchubuko wa kawaida wa mkunjo huwa na eneo lenye rangi nyekundu linalofanana pande zote mbili zinazogusana, linang'aa kwa unyevu, na mara nyingi lina mpasuko mwembamba katikati kabisa ya mkunjo. Kandida akiwa ameingia, utaona pia vipele vidogo vyekundu, vingine vyenye usaha kidogo kichwani, vilivyotapakaa nje ya mpaka wa eneo kubwa kama vifaranga waliotawanyika kando ya mama yao. Vipele hivyo vya pembeni ndivyo alama inayosaidia zaidi kuliko nyingine zote, na kwa kawaida huambatana na kuwashwa pamoja na kuchoma.

Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, neno "nyekundu" linaweza kupotosha. Eneo hilo huenda likaonekana la kahawia iliyokolea, la zambarau au la kijivu, na ni pale tu tabaka la juu linapomenyuka ndipo wekundu au upinki hujitokeza. Kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Angalia mng'ao, unyevu, mmenyuko na vipele vya pembeni, na ulinganishe na ngozi ya karibu isiyo na tatizo.

Wapo watu ambao hawapaswi kuanza kujitibu wenyewe bila kuonwa kwanza. Mtu mwenye homa, mwenye maumivu makali badala ya kuwashwa, mwenye usaha, au mwenye wekundu unaosambaa haraka ukiwa na joto na uvimbe, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa dalili hizo ni za bakteria walioingia ndani ya ngozi na krimu ya fangasi haitawazuia. Mwenye kisukari, mwenye upungufu wa kinga na anayetumia dawa za steroidi za kumeza, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho, anaweza kufuata hatua za kukausha mara moja, lakini amwone mhudumu wa afya mapema badala ya kungoja wiki mbili. Na mabadiliko yaliyo kwenye chuchu yenyewe, kama magamba, kidonda au majimaji katika titi moja tu, si mchubuko wa mkunjo; hayo yanahitaji uchunguzi wa daktari hata kama hayaumi.

Vitu vya kuwa navyo

- Krimu ya fangasi yenye klotrimazoli asilimia 1 au mikonazoli asilimia 2. Yoyote kati ya hizo inatosha. Hakuna faida ya kuchanganya zote mbili.
- Vitambaa laini vya pamba vilivyofuliwa, angalau sita, virefu kuliko mkunjo wako. Fulana kuukuu ya pamba iliyokatwa vipande inafaa kabisa.
- Taulo ndogo laini ya peke yako, ya sehemu hii tu.
- Sabuni isiyo kali na isiyo na manukato.
- Chumvi ya kawaida na maji yaliyochemshwa, endapo ngozi inatoa majimaji.
- Feni, au kikausha nywele chenye uwezo wa kutoa hewa baridi.

Kuhusu jina la dawa, soma kipande cha maandishi madogo kinachotaja viambato, wala usitosheke na jina kubwa la biashara. Krimu nyingi zinazouzwa kama "dawa ya fangasi" ni mchanganyiko wa dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Mchanganyiko huo hutuliza muwasho haraka sana, ndiyo maana watu huusifu, lakini ngozi ya ndani ya mkunjo ni nyembamba na imefunikwa, hivyo hufyonza steroidi nyingi kuliko ngozi ya mkono. Ukitumiwa kwa wiki kadhaa, ngozi hukonda, hupata michirizi isiyofutika, na kuvu hujificha bila kufa. Ikiwa muwasho haukuachi ulale, mfamasia anaweza kukushauri haidrokotisoni asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu, itumike kwa siku chache za mwanzo pamoja na dawa ya fangasi, wala isitumike peke yake.

Krimu ya terbinafini, ambayo ni nzuri sana kwa fangasi wa miguuni na kwa mabaka ya mviringo, haina nguvu ya kutegemewa dhidi ya kandida. Nistatini ni kinyume chake: inamuua kandida lakini haiwagusi fangasi wa mabaka. Klotrimazoli na mikonazoli hufanya kazi kwa wote wawili, na ndiyo sababu zimetajwa hapa kwa mtu asiye na vipimo vya maabara. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini amweleze mfamasia kabla ya kutumia mikonazoli, kwa maana inaweza kuongeza nguvu ya dawa hiyo. Klotrimazoli ya kupaka huwa chaguo rahisi zaidi kwake.

Hatua kwa hatua

1. Osha mara moja au mbili kwa siku, si zaidi. Tumia maji ya uvuguvugu au ya baridi na sabuni kidogo, kwa kiganja cha mkono bila dodoki. Inua mkunjo wote hadi mwisho wake, kwa sababu sabuni inayobaki katikati huendeleza kuchoma. Suuza mpaka utelezi uishe. Ukitoka jasho jingi katikati ya siku, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matupu kisha ukaushe, bila kurudia sabuni.

2. Ngozi ikiwa inatoa majimaji, ianze na maji ya chumvi. Koroga kijiko kimoja kidogo cha chai, kisichojazwa kupita kiasi, cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Lowesha kitambaa safi, kikamue kidogo, kiweke ndani ya mkunjo kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku. Inaonekana ajabu kuilowesha ngozi ambayo tatizo lake ni unyevu, lakini kitambaa hicho hutoa utando na majimaji yanayonata, na maji yanapokauka hupoza ngozi na kupunguza uvimbe. Acha hatua hii mara tu majimaji yanapokoma, kwa kawaida ndani ya siku mbili au tatu. Ukiiendeleza, ngozi itakauka kupita kiasi na kupasuka.

3. Kausha kwa kugusa, usifute. Bonyeza taulo laini juu ya ngozi, inua, bonyeza tena. Kufuta kwa kuburuta humenya tabaka ambalo lilikuwa limeanza kujijenga usiku kucha. Usitumie karatasi za chooni, kwani hukatika na kuacha vipande vinavyonyonya jasho na kukaa ndani ya mkunjo.

4. Malizia kwa hewa. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko nyingine zote. Hata baada ya taulo, ngozi iliyolainika hubaki na unyevu usioonekana. Lala chali, inua titi au mkunjo kwa mkono, na uache feni ipulize kwa dakika 5 hadi 10. Ukitumia kikausha nywele, kiweke kwenye hewa baridi, umbali wa kama sentimita 20, ukikizungusha bila kukituliza mahali pamoja. Hewa ya moto huunguza ngozi iliyochubuka, na mtu mwenye kisukari ambaye hisia zake zimepungua anaweza kuungua bila kujua.

5. Paka krimu ya fangasi kwa wembamba, mara mbili kwa siku. Anza sentimita 2 nje ya vipele vya pembeni na uingie kuelekea katikati, ili usiusambaze ugonjwa nje na ili uwafikie kuvu walio kwenye ngozi inayoonekana nzima. Paka pande zote mbili za mkunjo. Krimu isionekane tena baada ya kusuguliwa polepole. Ikibaki utando mweupe, umepaka nyingi, na ziada hiyo itageuka kuwa unyevu mwingine. Anayenyonyesha aizuie krimu isifike kwenye chuchu. Nawa mikono baada ya kumaliza.

6. Subiri dakika 15 kabla ya kufunika. Bado ukiwa umelala au umekaa kwa namna inayouacha mkunjo wazi, ipe dawa muda wa kuingia.

7. Tenganisha ngozi kwa kitambaa. Weka kitambaa cha pamba kikiwa tabaka moja, bila kukikunjakunja, hadi ndani kabisa ya mkunjo, na uache ukingo wa angalau sentimita 5 ukitokeza nje. Ukingo huo si urembo. Kitambaa kikiwa kimefichwa chote ndani kitafyonza jasho na kulishikilia hapo hapo, lakini kikitokeza, unyevu husafiri hadi sehemu iliyo wazi na kukauka. Kibadilishe kila kinapolowa. Siku ya joto hiyo inaweza kuwa mara nne au tano, na ndiyo maana nilitaja vitambaa sita. Usikipake mafuta wala poda, kwa kuwa vitaziba nyuzi na kuzuia unyevu kusafiri.

8. Fua na kausha vilivyogusana na ngozi hiyo. Vitambaa, taulo na sidiria vifuliwe kila baada ya siku moja ya matumizi, kwa maji ya moto pale kitambaa kinapovumilia, na vikauke kabisa kabla ya kuvaliwa tena. Sidiria iwe ya pamba, yenye ukubwa unaoinua titi kutoka kifuani bila waya kukata ngozi. Ukiwa nyumbani unaweza kuivua, lakini hapo kitambaa cha hatua ya 7 kinahitajika zaidi, kwani titi likilala juu ya kifua bila kitu katikati, msuguano unarudi.

9. Endelea hata baada ya ngozi kuonekana imepona. Kuchoma hupungua ndani ya siku mbili au tatu, na wekundu hufifia ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Hapo ndipo watu wengi huacha dawa. Kuvu hubaki ndani ya tabaka la juu la ngozi baada ya dalili kutoweka, hivyo tumia dawa kwa wiki 2 kwa uchache, na uongeze wiki moja tangu siku ngozi ilipoonekana imepona. Kwa wengi jumla hufika wiki 3. Wengine huhitaji 4.

Mfano: tyubu moja inatosha?

Sababu ya kawaida ya kuacha mapema si uzembe, ni kwamba tyubu imeisha. Hebu tupige hesabu ya mwanamke mwenye mchubuko chini ya matiti yote mawili na kwenye mkunjo wa tumbo.

Kipimo kinachotumiwa ni mstari wa krimu uliokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kiungo chake cha kwanza. Mstari huo ni karibu gramu 0.5, na hutosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mwanamke wetu anapima kwa kiganja chake na kuona kuwa chini ya kila titi, akijumlisha ngozi ya juu na ya chini, eneo ni kama kiganja kimoja. Matiti mawili ni viganja viwili, yaani mstari mmoja. Mkunjo wa tumbo ni mrefu, kutoka nyonga hadi nyonga, na kwa pande zote mbili unafika viganja vinne, yaani mistari miwili. Kila akipaka anatumia mistari mitatu, ambayo ni gramu 1.5, na kwa siku gramu 3.

Tyubu ya gramu 20 itamwishia siku ya saba, wakati ule ule ambapo wekundu unafifia na kumshawishi kwamba amepona. Kwa siku 21 anahitaji gramu 63, ambazo ni tyubu tatu na kidogo zaidi. Kama angekuwa na tatizo chini ya matiti peke yake, angetumia gramu 1 kwa siku, na tyubu hiyo hiyo moja ingemfikisha siku ya 20. Pima eneo lako kabla ya kwenda duka la dawa, na ununue kiasi cha matibabu yote kwa mara moja.

Siku zake zitaonekana hivi. Siku tatu za kwanza anaweka kitambaa cha maji ya chumvi asubuhi na jioni kwa sababu ngozi inatoa majimaji; anakausha, anapuliza hewa, anapaka, anasubiri, anaweka kitambaa kikavu. Kuanzia siku ya nne anaacha chumvi lakini mengine yote yanabaki vile vile. Kufikia siku ya kumi hivi hakuna tena kuchoma wala vipele vya pembeni, na katikati ya mkunjo hapang'ai. Karibu na siku ya 14 ngozi imefunga, na anaendelea na krimu hadi siku ya 21. Baada ya hapo krimu inakoma, lakini kuosha, kukausha kwa hewa na kitambaa vinaendelea maadamu joto lipo.

Makosa yanayoharibu kazi

Poda ndiyo ya kwanza. Poda ya kawaida ikikutana na jasho huganda kuwa vidonge vidogo vinavyosugua ngozi iliyochubuka, na vumbi lake si zuri kwa mapafu. Poda za wanga ziachwe kabisa, kwa kuwa wanga uliolowa ndani ya mkunjo unaweza kumlisha kuvu. Poda yenye dawa ya fangasi ndani yake ni jambo tofauti. Hiyo ina nafasi yake baada ya ngozi kufunga, ikinyunyizwa kidogo sana juu ya ngozi kavu ili kuzuia tatizo kurudi.

Limau, siki isiyochanganywa na maji, dawa ya meno, spiriti na dawa za kuua vijidudu zinazokusudiwa sakafu vyote huunguza ngozi iliyokosa tabaka la juu. Kuchoma kunakofuata si dalili kwamba dawa "inafanya kazi". Manukato ya kwapani yasipakwe humu, hata yale yanayoahidi kuzuia jasho, mpaka ngozi iwe imepona kabisa.

Mafuta ya mgando na marhamu yenye zinki oksidi huzua ubishi, kwa hiyo niseme ninavyoona. Yakipakwa mazito juu ya ngozi iliyolowa hufungia unyevu ndani, na hapo yanadhuru. Yakipakwa kwa wembamba sana juu ya ngozi kavu iliyokwisha kufunga, hupunguza msuguano wakati wa kutembea. Chagua basi moja: siku ya kupaka marhamu hayo usiweke kitambaa, na siku ya kitambaa usipake marhamu. Wakati wa matibabu mimi huegemea upande wa kitambaa.

Mambo yasipokwenda sawa

*Krimu inachoma sana kila inapopakwa.* Kuchoma kidogo kwa dakika chache juu ya ngozi iliyopasuka ni kawaida. Kukidumu zaidi ya nusu saa, au vipele vipya vikitokea mahali pote palipoguswa na krimu, huenda mwili umekataa dawa au kiambato chake kimojawapo. Osha, simamisha, endelea kukausha, na umwombe mfamasia dawa ya aina nyingine.

*Wiki mbili zimepita na hakuna nafuu.* Jiulize kwanza kama kweli ngozi ilikuwa kavu kila ulipopaka, na kama kitambaa kilibadilishwa mchana. Ikiwa jibu ni ndiyo, usinunue tyubu nyingine, nenda ukachunguzwe. Huenda si kandida. Baka la kahawia, kavu, lenye magamba mepesi na lisilowasha sana mara nyingi ni la bakteria na hutibiwa kwa antibayotiki. Baka lenye mpaka uliokatika wazi, laini na linalong'aa bila vipele vya pembeni linaweza kuwa ugonjwa wa ngozi uitwao soriasi ya mikunjoni. Uvimbe wenye maumivu unaorudi mahali pale pale na kuacha vishimo au makovu ni ugonjwa mwingine tena, na krimu za dukani hazitaufikia. Mhudumu anaweza kukwangua ngozi kidogo na kuiangalia kwa hadubini, kipimo kisichoumiza.

*Eneo ni kubwa mno au vipele vimefika kinenani na mapajani.* Huenda ukahitaji dawa ya kumeza kama flukonazoli, na hiyo iandikwe na mtaalamu baada ya kujua dawa nyingine unazotumia. Mjamzito asiimeze kwa kujiamulia. Kwake matibabu ya kupaka ndiyo hutangulizwa.

*Harufu kali imeanza, au maumivu yameongezeka ghafla.* Bakteria wameingia. Acha kujitibu na uende kituo cha afya.

*Imepona lakini pamebaki weusi.* Hii si fangasi. Ngozi iliyowaka huacha rangi nyeusi au kahawia, hasa kwa watu wenye ngozi nyeusi, na rangi hiyo hufifia polepole kwa wiki kadhaa hadi miezi. Jaribu kwa kugusa: kama ni pakavu, laini, hapawashi na hakuna vipele, usipake dawa ya fangasi tena, wala usitumie krimu za kung'arisha, ambazo ndani ya mkunjo zinaweza kuchubua upya na kukurudisha hatua ya kwanza.

*Inarudi kila mwezi.* Mara moja kwa msimu wa joto inaeleweka, lakini ikirudi mara kwa mara licha ya kufuata hatua zote, omba kupimwa sukari kwenye damu. Kisukari ambacho bado hakijajulikana wakati mwingine hujitokeza kwanza kwa fangasi wa mikunjoni, na sukari ikiwa juu hakuna krimu itakayodumu. Mwambie mhudumu pia kama umetumia antibayotiki karibuni au kama unatumia steroidi, kwani zote humfungulia kandida njia.

*Ninamuuguza mtu asiyeweza kuinua mkono wala kugeuka.* Fanya hatua zile zile wakati wa kumwogesha, ukiwa na mtu wa pili wa kuushikilia mkunjo wakati feni inapuliza, kwa sababu mtu mmoja huchoka na kuuachia kabla haujakauka. Kagua chini ya matiti, chini ya tumbo na kwenye kitovu kila siku, hata kama mgonjwa halalamiki. Ukikuta ngozi imeanza kuwa nyeupe na laini bila kuchubuka, hewa na kitambaa kikavu vinatosha kwa siku hiyo. Krimu itahitajika endapo vipele vya pembeni vitajitokeza.